Wazo Linalotisha Si Tamaa ya Moyo

Mada iliyotolewa na muuguzi wa afya ya akili wa wilaya katika mkutano wa wakazi wa kata, siku ya kliniki ya mama na mtoto. Inachapishwa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya wasiwasi. Neno hili asili yake ni Kiarabu, na katika lugha hiyo hubeba maana ya mnong'ono, yaani sauti ndogo inayomjia mtu bila kualikwa. Leo nitajihusisha na mnong'ono wa aina moja tu: lile wazo la kutisha linalomjia mama aliyejifungua karibuni, likimwonesha kwamba yeye mwenyewe anamdhuru mtoto wake. Nimechagua hilo kwa sababu akina mama wengi hulipata, na karibu hakuna anayethubutu kulitamka. Wanaonyamaza huteseka mara mbili, kwanza kwa wazo lenyewe, kisha kwa kuamini kwamba wazo hilo limefichua tamaa iliyojificha moyoni mwao.

Nitaanza na kisa. Nimekiunganisha kutokana na mambo ya akina mama kadhaa, na jina nitakalotumia ni la kubuni, ili asitafutwe mtu.

Mama Neema alijifungua salama mtoto wake wa kwanza. Wiki ya nne, jioni moja, alikuwa akikatakata mchicha huku mtoto amelala mkekani karibu naye. Ghafla likamjia wazo: "Je, nikimchoma na hiki kisu?" Pamoja na wazo ikaja picha, wazi kabisa, kama kitu anachokitazama. Mikono ikamtetemeka, moyo ukamwenda mbio, akakitupa kisu na kumbeba mtoto hadi chumba kingine. Usiku huo hakulala. Alijiuliza: "Mama gani huwaza hivi? Bila shaka ndani yangu kuna mtu nisiyemjua."

Kesho yake alimwomba wifi yake akate mboga. Baada ya siku chache visu vyote vya nyumba vilikuwa vimefungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya kabati. Kisha wazo likahamia kwenye beseni la kumwogeshea mtoto, akaona picha ya mtoto akizama, na tangu siku hiyo mama mkwe ndiye aliyemwogesha. Kila usiku alikuwa akimuuliza mumewe, "Baba Neema, unadhani naweza kumdhuru mtoto?" Mume alijibu, "Hata kidogo." Mama alitulia, lakini utulivu huo haukumaliza saa nzima, akauliza tena. Ndugu walipoona hali hiyo, mmoja alisema ni jini, mwingine akasema amerogwa.

Wiki ya sita alikuja kliniki kwa ajili ya chanjo. Kilichotushtua ni jambo dogo: bibi ndiye aliyembeba mtoto, na mama alisimama mbali, karibu na mlango, akimwangalia mwanawe kwa macho yaliyojaa machozi. Huyo hakuwa mama asiyempenda mtoto wake. Alikuwa mama aliyejitenga na mtoto ili amlinde dhidi yake mwenyewe.

Sasa tuulize: wazo lile lilitoka wapi?

Akili ya binadamu haikai kimya. Mchana kutwa hutoa makisio juu ya yale yanayoweza kutokea, na mengi hayana maana. Mtu anasimama kwenye daraja refu, linamjia wazo la kuruka. Mtu yuko msikitini au kanisani katika ibada, linamjia neno la kufuru. Mtu ameshika shoka, anaona picha ya kumpiga aliye jirani. Sekunde moja na limekwisha. Mawazo haya huitwa mawazo vamizi, kwa kuwa huingia bila hodi.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Stanley Rachman na Padmal de Silva, waliwauliza watu wasio na ugonjwa wowote wa akili kama hupata mawazo ya namna hii. Wengi wao walikiri kwamba huyapata. Mawazo hayo yalipoandikwa na kuchanganywa na yale ya wagonjwa, hata wataalamu walipata shida kuyatenganisha kwa kuyasoma tu. Miaka thelathini baadaye, yaani mwaka 2008, watafiti wa Kanada, Nichole Fairbrother na Sheila Woody, walichapisha matokeo ya kuwauliza akina mama wenye watoto wachanga. Wote walikuwa wamewahi kuwaza kwamba mtoto atapatwa na ajali, na karibu nusu yao walikuwa wamejiwa na wazo la kumdhuru mtoto kwa makusudi, wazo wasilolitaka. Tukumbuke kwamba hao walikuwa akina mama wa kawaida, waliokuwa wakinyonyesha na kulea kama ninyi mlioketi hapa.

Kwa hiyo mama mwenye wasiwasi na mama aliyetulia wanaweza kupata wazo lilelile. Tofauti iko katika yale yanayofuata. Mama aliyetulia huliona wazo, hushtuka kidogo, husema "wazo gani hili!" na kuendelea kukata mchicha. Mama mwenye wasiwasi hulisimamisha wazo na kulihoji kama mshtakiwa: "Kwa nini umekuja? Una maana gani juu yangu?" Ndani yake kuna imani mbili ambazo mara nyingi hata yeye hajui kwamba anazo. Ya kwanza ni kwamba kuwaza jambo ni sawa na kulitenda, au angalau ni nusu ya safari ya kulitenda. Ya pili ni kwamba yeye peke yake ndiye mwenye dhamana ya kuzuia kila baya, hata lile lenye uwezekano mdogo kabisa. Mzazi mpya, aliyekosa usingizi na kukabidhiwa kiumbe asiyeweza kujitetea, huelemewa na imani hii ya pili kuliko mtu mwingine yeyote. Ndiyo sababu mawazo haya hushamiri baada ya kujifungua.

Akishaliona wazo kuwa hatari, hujaribu kulifukuza, na hapo ndipo hulipa nguvu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa muda wa dakika 5, na kila atakapowajia akilini wapige kengele. Kengele zilipigwa tena na tena. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria dubu huyo, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Sababu yake si ngumu kuielewa. Ili kuhakikisha kwamba wazo halipo, akili lazima iendelee kulitafuta, na kila inapolitafuta hulikuta. Mama Neema alipoamka asubuhi na kujipima, "Je, lile wazo bado lipo?", swali lenyewe ndilo lililolileta.

Kuficha visu nako kuliongeza tatizo kwa njia nyingine. Jioni ilipita bila mtoto kudhurika, na akili ikahitimisha: "Amesalimika kwa sababu visu vimefichwa." Mama hakupata kamwe nafasi ya kuona kwamba mtoto angesalimika hata kisu kingekuwa mkononi mwake.

Naja sasa kwenye swali lililo zito kuliko yote, ambalo akina mama huniuliza kwa sauti ya chini: "Muuguzi, kama sitaki, kwa nini nawaza? Je, si kwamba ndani kabisa ninataka?"

Dhana hii haikuzaliwa mitaani peke yake. Hata wasomi waliwahi kuishikilia. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Sigmund Freud wa Viena aliyaeleza mawazo ya kung'ang'ania kuwa yanatokana na matamanio na chuki ambazo mtu amezizika ndani asizijue. Jina lake lilikuwa kubwa, na maelezo hayo yakaenea mbali. Lakini uzoefu wa tiba na utafiti uliofuata umetuonesha picha nyingine, nami nitawapa sababu ambazo kila mmoja anaweza kuzipima mwenyewe.

Tazameni kwanza tabia ya tamaa. Mtu mwenye tamaa ya kitu hukisogelea. Hukifikiria kwa raha, hutafuta nafasi, hupanga namna ya kukipata, na akizuiwa huchukia. Mama Neema alifanya kinyume cha kila moja ya hayo. Wazo lilipomjia alipata hofu na kichefuchefu, alikimbia, akaficha visu, na alipoondolewa mtoto alilia. Hakuna tamaa inayoenenda hivyo.

Tazameni pia ni nani anayevamiwa na wazo gani. Mcha Mungu huvamiwa na kufuru. Mtu mpole huvamiwa na picha za damu. Mama aliyemsubiri mtoto kwa hamu huvamiwa na wazo la kumpoteza kwa mkono wake mwenyewe. Wazo la kutisha hung'ang'ania pale ambapo mtu ameweka thamani yake kubwa, kwa kuwa hapo ndipo hofu yake ilipo. Kama likija wazo la kuvunja kikombe kikuukuu, nani atalikumbuka kesho? Linalobaki ni lile linalogusa kisichoweza kupotezwa. Kwa hiyo, ukitaka kujua lile wazo linasema nini juu ya mama huyu, linasema tu kile anachokiogopa kuliko vyote. Wataalamu waliowafuatilia akina mama wa namna hii hawajapata ushahidi kwamba mawazo vamizi, yakiwa peke yake, humwongezea mtoto hatari ya kudhuriwa na mama yake.

Nimesema "yakiwa peke yake", nami naomba mnisikilize kwa makini hapa, maana kuna hali nyingine inayofanana na hii kwa mbali, nayo ni dharura. Ni kuchanganyikiwa akili baada ya kujifungua, hali inayowapata takriban mama mmoja au wawili katika kila 1,000 wanaojifungua, na mara nyingi huanza ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama huyo anaweza kukaa siku kadhaa bila usingizi na asione uchovu. Maneno yake hayashikani. Husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au huamini kwa dhati kwamba mtoto si wake, kwamba amebadilishwa, au kwamba ameagizwa kumtoa. Tofauti kubwa ni hii: mama mwenye mawazo vamizi huogopa wazo lake na kulikana, ilhali mama aliyechanganyikiwa huweza kuliona kuwa la kweli, la haki, hata kuwa ni wajibu. Ukiona dalili hizo, mama asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika chache, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo kwa mama anayesema kwamba anataka kufa au kwamba familia ingekuwa heri bila yeye. Hayo tusiyahukumu nyumbani, bali tumwachie mtaalamu ayapime.

Mama Neema tulimuuliza maswali machache tu. Wazo hilo likija unajisikiaje? Unafanya nini ili lisitokee? Je, unasikia sauti, au unaamini jambo lolote juu ya mtoto ambalo ndugu zako hawaliamini? Unalala, unakula, umewahi kutaka kufa? Majibu yake yalionesha hofu, kujikinga na uchovu, bila dalili yoyote ya kuchanganyikiwa. Tulimwambia jina la tatizo lake: ugonjwa wa mawazo ya kung'ang'ania, ambao mara nyingi huambatana na matendo ya kujirudia. Alipoambiwa kwamba akina mama wengine hupata wazo hilohilo, alilia kwa muda mrefu, kisha akaomba kumbeba mtoto.

Nawageukia kidogo watoa huduma wenzangu. Kosa moja hufanyika kwa nia njema: mhudumu anasikia maneno "namuona mtoto wangu akichomwa kisu", anaogopa, na anaamuru mtoto aondolewe kwa mama. Kama mama amechanganyikiwa, uamuzi huo ni sahihi. Lakini kama ni mawazo vamizi, tumemthibitishia kwamba yeye ni hatari, na hatasema tena kwa mtu yeyote. Tuulize kwanza, kisha tuamue.

Tiba tuliyomwanzishia msingi wake uliwekwa mwaka 1966 na mwanasaikolojia Victor Meyer. Kwa ufupi, mgonjwa hukaribia kile anachokiogopa, hatua kwa hatua, bila kufanya vile vitendo vya kujikinga. Tulikaa naye na kuandika mambo anayoyakwepa, tukiyapa alama ya hofu kuanzia 0 hadi 10. Kushusha visu kutoka juu ya kabati kulikuwa 4. Kukata mboga mtoto akiwa amelala upande wa pili wa chumba kulikuwa 6. Kumwogesha mtoto akiwa peke yake kulikuwa 8. Kukata mboga mtoto akiwa mgongoni kulikuwa 9. Angalieni kwamba hakuna hata kimoja kilicho cha hatari. Ni kazi zilezile ambazo kila mama hapa huzifanya kila siku.

Alianza na visu. Siku ya kwanza alivirudisha jikoni, akakaa humo, na wazo likaja kama alivyotarajia. Maagizo yalikuwa kwamba asilifukuze, asijihoji, asimuulize mtu. Aseme tu kimoyomoyo, "Hilo ni wazo," kisha aendelee na kazi. Hofu ilipanda hadi 7, ikakaa hapo kwa muda, ikaanza kushuka yenyewe. Alirudia kila siku, hata ikafika siku ambayo kuingia jikoni hakukumshtua tena, ndipo akapanda hatua ya pili. Kuna jioni alizoshindwa na kumwita wifi yake. Hilo ni la kawaida. Kesho yake alianza tena kwenye hatua ileile.

Mumewe alikuwa na kazi yake. Tulimweleza kwamba kila anapojibu "hutamdhuru" anampa mkewe nafuu ya muda mfupi na kiu ya kuuliza tena. Wakakubaliana kwamba swali likija atajibu, "Naona wasiwasi umekuja, mke wangu. Niko hapa, lakini swali hilo tumekubaliana nisilijibu." Mwanzoni jibu hilo lilimuuma mama. Baada ya wiki chache maswali yalipungua.

Aliuliza pia juu ya sala, na jibu nililompa nalirudia hapa kwa heshima. Mtu asali kama imani yake inavyomwelekeza. Lakini akijikuta anarudia dua ileile mara 20, akiianza upya kila akikosea neno, ili tu lile wazo lifutike, basi wasiwasi umejivika vazi la sala. Viongozi wetu wa dini wakilielewa hili watatusaidia sana, kwa kuwa wengi huanzia kwao kabla ya kufika kwetu.

Tiba hii huchukua wiki nyingi, na mara nyingine miezi. Kuna wanaohitaji dawa pia, hasa wakiwa na sonona au hofu isiyowaruhusu kuanza hatua ya kwanza. Dawa zinazotumika ni za kundi la zile zinazotibu sonona. Daktari huichagua akizingatia kwamba mama ananyonyesha, nayo huweza kuchukua wiki kadhaa, hata 12, kabla ya kuonesha nguvu yake yote. Asiyeona nafuu wiki ya pili asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Dawa za usingizi za kununua dukani haziponyi tatizo hili.

Je, Mama Neema hapati tena lile wazo? Hulipata mara mojamoja, hasa akikosa usingizi. Lakini alipokuja kwa chanjo ya surua, mtoto akiwa na miezi tisa, alikuwa amembeba mgongoni, na aliniambia kwamba asubuhi ile alikuwa amekata mchicha akiwa naye vivyo hivyo. Wazo lilipita, akaendelea kukata.

Anayeona kwamba nimesimulia habari zake aanzie zahanati, siku yoyote ya kliniki. Kama ulimi unakuwa mzito, aseme maneno haya tu: "Ninapata mawazo ya kutisha juu ya mtoto wangu, siyataki, na yananiogopesha." Muuguzi atamuuliza yale maswali niliyoyataja, na ikihitajika atampa rufaa ya kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Nanyi wakwe, mawifi na waume, siku mtakapoona mama anayempenda mtoto wake ameanza kumkwepa, msimshutumu na msimnyang'anye. Mketisheni pembeni, mmuulize anaogopa nini, mumsikilize mpaka amalize.

Wenye maswali wasiopenda kuyauliza hadharani, nitakuwa chini ya ule mwembe hadi adhuhuri.